"Saa 9" ya Kisumu ni saa ngapi Hamburg?

*Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu vya magugu maji hapa Dunga, Kisumu. Niliwaandikia wanunuzi wetu wawili barua pepe ya Kiswahili, mmoja yuko Mwanza, mwingine ni Mjerumani wa Hamburg aliyejifunza Kiswahili: "Tukutane mtandaoni tarehe 3/11/2025 saa 9." Wa Mwanza aliingia saa tisa alasiri, kama nilivyotaka. Wa Hamburg alikuwa ameingia asubuhi, akangoja, akatoka. Nani alikosea, na niandikeje?*

Hakuna aliyekosea kusoma, dada katibu. Kila mmoja alisoma saa yake.

Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo. Hapo Kisumu, karibu kabisa na Ikweta, jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana kweli, na hakuna wa kubisha. Mtu wa Mwanza amelelewa na hesabu hiyohiyo. Lakini umeandika tarakimu, "9", na tarakimu haina lugha. Mjerumani hata akijua kwamba "saa tisa alasiri" ni 15:00, jicho lake likikutana na 9 tupu linakwenda kwenye saa ya ofisini kwake, yaani 09:00 ya asubuhi. Tena hukuandika "alasiri", neno ambalo lingemshtua.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Siku hiyo ya Novemba Hamburg ilikuwa nyuma ya Kisumu kwa saa mbili. Alipoingia 09:00 ya kwake, kwenu ilikuwa saa tano asubuhi. Mkutano wenu wa saa tisa alasiri, kwake ulikuwa saa saba mchana, 13:00. Aliwahi kwa saa nne nzima.

Ningependa ushike jambo moja: saa ya Kiswahili iandike kwa maneno pamoja na jina la kipindi, na saa ya kimataifa iandike kwa tarakimu nne. Ziweke zote mbili katika sentensi moja: "saa tisa alasiri, yaani 15:00". Wenzetu wa Tanzania huandika pia "saa 9:00 alasiri" kwenye matangazo, na wao kwa wao huelewana vizuri. Barua ikivuka mpaka wa lugha, mtindo huo ndio unaoleta balaa, kwa sababu "saa 3:00 asubuhi" inamfanya mgeni aweke saa yake ya kengele imwamshe usiku wa manane.

Kuziandika zote mbili kuna faida nyingine: kosa lako mwenyewe hujitokeza. Mchana, tofauti ya namba hizo mbili ni sita daima. Tisa na kumi na tano, sita. Tatu na 09:00, sita. Ukiona umeandika "saa nane mchana, yaani 15:00", unajua mojawapo ni uongo kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma.

Na 15:00 ya wapi? Wengi huandika "saa za Afrika Mashariki". Kwa Mwanza inatosha, maana Kenya na Tanzania zote ziko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya UTC, saa ya pamoja ya dunia. Siku mtakapopata mnunuzi wa Kigali mtakwama, kwa kuwa Rwanda nayo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ila saa yake ni UTC+2. Taja mji: "saa za Nairobi". Kwenye kalenda ya simu au kompyuta, jina la kuchagua ni `Africa/Nairobi`.

Mji ni bora kuliko namba ya UTC hasa kwa upande wa Hamburg, kwa sababu Ulaya hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka 2025 saa zao zilirudishwa nyuma tarehe 26 Oktoba, siku nane tu kabla ya mkutano wenu. Mngekutana wiki mbili mapema, tofauti ingekuwa saa moja. Kama mna mkutano wa kila Jumatatu saa tisa alasiri, Mjerumani huyo atauona ukihama kutoka 14:00 majira yao ya kiangazi hadi 13:00 majira ya baridi. Kubalianeni mapema saa ya nani ndiyo shina. Mimi ningechagua ya Nairobi, kwa kuwa haihami.

Tarehe yako haikuleta shida, kwani Mwanza na Hamburg zote hutanguliza siku kabla ya mwezi. Mmarekani angeisoma 11 Machi. Andika mwezi kwa jina na utaje siku ya wiki: "Jumatatu, 3 Novemba 2025". Tarehe 11 Machi ya mwaka huo ilikuwa Jumanne, kwa hiyo hata anayepotoka angeona siku na tarehe havikubaliani, akauliza. Na ukiwa na jambo la usiku, jihadhari na "usiku wa Jumatano". Kwa hesabu ya zamani, ambayo siku huanza jua linapotua, huo ni usiku unaotangulia mchana wa Jumatano. Vijana wengi wa leo humaanisha unaoufuata. "Usiku wa kuamkia Jumatano" hauna utata.

Kuna mtego mwingine ambao hukuuliza, ila naujua kwa sababu uliwahi kuninasa. Niliandika "mkutano wa saa mbili". Mimi nilikusudia urefu wake, mwenzangu akaja saa mbili asubuhi. Ndiyo maana watu hukimbilia kusema "masaa mawili". Kiswahili sanifu hakihitaji hilo, sema tu "utachukua muda wa saa mbili".

Kwenye bei, "shilingi" peke yake haitoshi, maana Kenya, Tanzania na Uganda zote zina shilingi, na thamani zake zimeachana mbali. Tumia KES, TZS au UGX mbele ya kiasi. Mjerumani huandika elfu moja mia mbili hamsini hivi: 1.250, na mkato wake ni wa desimali. Ukimwandikia 1,250 anaweza kuona moja na robo. Rudia kiasi kwa maneno, lakini maneno nayo uyachague. "Elfu mia moja na tano" ni 105,000 kwa mmoja na 100,005 kwa mwingine. "Laki moja na elfu tano" ni 105,000 tu, popote uendapo. Nasikitika kuona laki ikiachwa na waandishi wa ofisini kana kwamba ni neno la sokoni, wakati ndiyo inayotuokoa hapa.

Barua yako ningeiandika hivi:

"Tukutane mtandaoni Jumatatu, 3 Novemba 2025, saa tisa alasiri saa za Nairobi, yaani 15:00 Kisumu na Mwanza, 13:00 Hamburg. Mkutano utachukua muda wa saa moja. Tutajadili oda ya vikapu 150 kwa jumla ya KES 105,000, shilingi za Kenya laki moja na elfu tano. Tafadhali nijibu ukitaja saa utakayoingia kwa saa za kwako."

Sentensi ya mwisho usiiache. Kama wa Hamburg angekujibu "09:00", ungemwambia siku hiyohiyo.