Kuku, samaki ao nyuki kwenye parseli ndogo ya Goma

«Niko na parseli ya mita 15 kwa 20 hapa Goma, juu ya mawe. Nianze na nyuki, samaki ao kuku?»

Dada, anza na kuku 50 wa nyama. Bwawa kwenye mawe ya volkano halishiki maji, labda utandike bashi nzito, na baridi yetu inachelewesha tilapia. Mizinga katikati ya nyumba za watu, hapo utaitafuta kesi na majirani.

Kuku 50 wanatosha kwenye mita 5 za mraba. Hadi wiki ya 6 ao 7 kila mmoja anakula karibu kilo 4, basi weka kwanza pesa ya kilo 200 za chakula, ndipo ununue vifaranga. Wiki ya kwanza ndiyo inaua. Wakijibana karibu na mbabula, wanasikia baridi. Wakikimbilia ukutani, punguza moto. Acha tundu la hewa juu: mimi nilifunga kila kitu, hewa ya makala ikaniulia 12 usiku mmoja.

Chanjo ya kideri wape siku ya 7, rudia siku ya 21, kwa maji ya mvua. Klorini ya bomba inaua chanjo.

— Nyuki hawali pesa, yaya. Niko na mizinga 4 Masisi.

— Masisi kuna nafasi, kaka. Hapa watoto wanacheza mita 3 na mzinga.

— Mimi nilichanja kwa maji ya bomba, hakuna aliyekufa.

— Pengine kideri hakikufika kwako.

— Na bata je?