Laini ikizima ghafla: maswali yenu kuhusu wizi wa nambari ya simu

Jumapili jioni mtandao ulipotea kwenye simu yangu, nikadhani ni mnara. Asubuhi nilipopata laini mpya, M-Pesa ilikuwa tupu na nina deni la Fuliza nisilolijua. Simu haikuibwa, na nambari ya siri sikumpa mtu. Waliingiaje? (Mwenye duka, Nakuru)

Pole sana, mama. Hawakuhitaji simu yako. Pesa za M-Pesa hazikai ndani ya simu wala ndani ya kadi; ziko kwenye mitambo ya kampuni, na zimefungwa kwenye nambari yako. Mwizi alifika kwa ajenti au kwa mfanyakazi asiye mwaminifu, akajifanya wewe aliyepoteza laini, akapewa kadi mpya yenye nambari yako. Dakika ile kadi yake ilipowashwa, yako ilikufa. Ndiyo maana mtandao ulipotea. Tangu hapo kila ujumbe na kila simu ilimfikia yeye, na hata jumbe za kuthibitisha kwamba pesa zimetoka zilisomwa naye.

Bado alihitaji nambari ya siri. Hapa nakuomba ukumbuke siku chache kabla ya Jumapili. Je, kuna aliyekupigia akisema laini yako imesajiliwa vibaya, au kuna pesa zimetumwa kwako kimakosa, kisha akauliza nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa? Watu wengi hawasemi nambari ya siri, lakini wameifanya kuwa mwaka waliozaliwa, au tarakimu nne za mwisho za kitambulisho. Aliye na habari hizo huijaribu hiyo kwanza. Isipokubali, hugeukia utaratibu wa waliosahau nambari ya siri, ambao hutegemea laini aliyo nayo tayari na habari za kitambulisho ulizompa mwenyewe. Akishaingia humaliza salio, kisha hukopa kwa jina lako.

Sasa fanya hivi. Omba taarifa ya M-Pesa inayoonyesha saa ya kila muamala, kisha itake kampuni ikupe kwa maandishi saa ambayo laini ilibadilishwa na mahali ilipobadilishiwa. Ukiziweka pamoja, miamala yote iliyofuata saa ile, pamoja na Fuliza, itakuwa na alama ya kadi ambayo hukuwa nayo mkononi. Piga ripoti polisi, uchukue nambari ya OB, na upinge deni hilo kwa barua mapema kabla halijaendelea kukua. Sikuahidi kwamba zitarudi zote, kwa sababu zilizokwisha kutolewa taslimu ni vigumu kuzirudisha. Lakini zile zilizohamishiwa nambari nyingine huweza kuzuiwa kama bado zimekaa huko.

Nitajuaje kama ni mnara tu au nimeibiwa laini? (Mwanafunzi, Eldoret)

Mtazame jirani mwenye mtandao uleule. Yeye akiwa na mtandao nawe huna, zima simu uiwashe tena. Isipobadilika, azima simu ya mtu upige nambari yako mwenyewe. Ikiita huku simu yako imenyamaza, laini iko kwa mtu mwingine. Isipoita usitulie bado, kwani mwizi anaweza kuwa ameizima.

Papo hapo, kwa laini ya Safaricom ya jirani, piga 100 uombe laini na M-Pesa zifungwe. Kisha pigia benki. Usianze kwa kupanga foleni dukani. Kufunga ni kwa dakika, foleni ni kwa saa. Na kama kabla ya hapo simu ilikuwa ikiita mfululizo kutoka nambari ngeni hata ukatamani kuizima, usiizime. Baadhi yao hufanya hivyo makusudi, ili usione mtandao ukipotea.

Nimesikia kuhusu *100*100#. Inazuia nini hasa? Na pini ya kadi je? (Kinyozi, Thika)

Kwa laini ya Safaricom, ukipiga *100*100# unaifunga isibadilishwe kwa ajenti yeyote. Atakayetaka kuibadilisha, hata wewe mwenyewe, sharti aende duka la Safaricom na kitambulisho halisi. Mlango ambao wezi huupenda zaidi unafungika, na haikugharimu zaidi ya dakika moja. Ningependa kila msomaji aifanye kabla ya kulala leo. Haizuii, hata hivyo, kitambulisho bandia kilichotengenezwa vizuri wala mfanyakazi wa dukani aliyehongwa.

Pini ya kadi ni kitu kingine, na watu huzichanganya. Hiyo huwekwa kwenye mipangilio ya simu na huulizwa kila simu inapowashwa. Inamzuia aliyeiba simu yako asiichomoe kadi na kuiweka kwenye simu yake. Ukikosea mara tatu kadi hujifunga hadi uingize PUK. Lakini laini ikihamishiwa kadi mpya, pini hiyo haina kazi, kwa sababu ilikuwa inalinda kadi ya zamani. Weka zote mbili.

Mtu alinipigia akaniambia nibonyeze *21* kisha nambari fulani na # ili nipate zawadi ya data. Nilibonyeza. (Mwalimu, Voi)

Mwalimu, laini yako haijaibwa, ila umeelekeza simu zako zote ziende kwake. Jumbe fupi bado zinakujia wewe, lakini huduma nyingi, WhatsApp ikiwemo, hukubali kusoma msimbo kwa sauti kwa njia ya simu. Simu hiyo angeipokea yeye. Angalia na uondoe hivi:

```
*#21#     kuona simu zinaelekezwa wapi
##002#    kuondoa maelekezo yote
```

Kisha fungua WhatsApp, nenda kwenye akaunti, uweke uthibitishaji wa hatua mbili. Ni tarakimu sita unazozichagua mwenyewe, na msimbo pekee hautamtosha mtu kuingia.

Nafanya kazi Muscat. Laini yangu ya Kenya iko kabatini na naiwasha mara moja kwa mwezi, lakini benki ya nyumbani hutuma misimbo huko. (Dereva, Oman)

Kaka, wewe uko hatarini kuliko wote walioandika leo, kwa sababu laini yako ikiibwa hutajua hadi mwezi ujao. Iweke kwenye simu yako hapo uiache ikiwaka, hata kama hupigi wala hutumii data. Iulize benki kama unaweza kuthibitisha malipo ndani ya programu yao badala ya ujumbe mfupi, na uombe taarifa za miamala zije pia kwa barua pepe. Halafu kagua barua pepe yenyewe: ikiwa nambari ileile ya Kenya ndiyo inayotumika kurudisha nenosiri lililosahaulika, iondoe, uweke programu ya kutoa misimbo kwenye simu yako. Mwenye laini angeanza na barua pepe, na benki ingefuata.

Huku Tanzania tunasajili kwa alama ya kidole. Si tuko salama? (Mama lishe, Tanga)

Inasaidia sana, dada, lakini kuna ujanja wake. Wakala asiye mwaminifu anakwambia kidole hakijasoma, rudia, na mara ya pili anasajili laini nyingine kwa jina lako. Kila unaporudia kidole, muulize ni kwa nini na utazame kioo cha mashine. Ukifika nyumbani piga *106# uone nambari zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda ofisi ya mtandao huo wakaifute. Nambari ya tapeli anayekupigia itume kwa ujumbe kwenda 15040.