Embe la njano kwenye picha: tazama mabega kabla ya rangi

Msimu wa maembe unapoanza, mwishoni mwa mwaka, bei huwa juu na wachumaji wana haraka. Wakati huo ndipo mkazi wa Dodoma anapotumiwa picha ya tenga kwa WhatsApp, anaona njano tupu na kulipa. Siku ya pili anakata, anakuta nyama ngumu, nyeupe na chachu.

Tuanze na jambo linalochanganywa sana. Kuvundika siyo kosa. Embe lililokomaa mtini likawekwa kwenye gunia au nyasi kavu hutoa gesi yake lenyewe, ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayoliivisha. Tatizo ni embe changa lililolazimishwa kwa kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomelea kwa gesi. Kabaidi ikikutana na unyevu hutoa asetilini, inayoiga kazi ya ethilini, na kabaidi ya viwandani huwa na mabaki ya arseniki na fosforasi. Asetilini inaweza kugeuza rangi ya ganda, lakini haiwezi kuongeza wanga ambao embe lilipaswa kuuweka likiwa bado mtini, na wanga huo ndio unaogeuka sukari. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya picha ni hili: embe hili lilikuwa limekomaa lilipochumwa?

Jibu liko kwenye mabega, yaani sehemu mbili za juu zinazozunguka kikonyo. Embe lililokomaa hujaa pale hadi mabega yakapanda kufikia kikonyo au kukipita, na kikonyo kikakaa kwenye kishimo. Embe changa lina mabega yaliyoteremka, na kikonyo kimesimama juu kama ncha. Kabaidi haibadilishi umbo hilo.

Rangi ifuate baada ya hapo. Maembe ya tenga moja yaliyoiva yenyewe hayalingani: moja limeshika njano upande mmoja, jingine bado lina kijani, na vidoadoa vya ganda vinaonekana wazi. Tenga zima likiwa na njano moja iliyopauka, huku mabega yakiwa membamba, tia shaka. Lakini usihukumu kwa rangi peke yake. Wekundu wa maembe ya aina ya Tommy Atkins au Kent huletwa na jua, hauonyeshi kuiva, na embe la aina ya Keitt huweza kuiva likiwa bado la kijani. Joto kali la kwenye lori nalo huacha ganda likiwa na mabaka hata kwa embe jema.

Halafu kuna mwanga. Turubai la njano au la chungwa juu ya meza hufanya hata embe bichi lionekane limeiva. Mwombe muuzaji apige picha kivulini, nje ya turubai, akiwa ameweka karatasi nyeupe kando ya embe. Karatasi ikionekana ya njano, rangi ya embe nayo haiaminiki.

Ugumu hauonekani moja kwa moja kwenye picha, ila ganda linausema kidogo. Mikunjo midogo karibu na kikonyo, kwenye embe lenye mabega yaliyoteremka, ni dalili ya tunda lililochumwa changa na sasa linanyauka. Afadhali video fupi ya kidole gumba kikibonyeza taratibu karibu na kikonyo, kisha katikati.

Chukua mfano wa tenga la maembe yote ya njano sawasawa. Picha ya pembeni inaonyesha vikonyo vilivyosimama juu ya mabega. Hapo omba moja likatwe kwa urefu, kisu kikipita kwenye kokwa. Embe huanza kuiva kutoka kwenye kokwa kuelekea nje, kwa hiyo lililoiva vizuri lina njano iliyokolea zaidi ndani. Likiwa na njano chini ya ganda tu na weupe kuzunguka kokwa, na kokwa lenyewe likakatika kwa urahisi, lilichumwa changa. Tenga hilo usilichukue, hata ukipunguziwa bei.

Unga mweupe kwenye ganda usikuhadae. Unaweza kuwa mabaki ya kabaidi, lakini pia vumbi, au nta ya asili ambayo embe lililokomaa huwa nayo. Na embe lililokomaa kisha likawekewa kabaidi linaweza kufanana kabisa na lililovundikwa kwenye gunia. Hapo picha haina jibu.

Mzigo ukifika, nusa penye kikonyo. Embe lililoiva vizuri hunukia kabla halijakatwa. Ukisikia harufu inayofanana na ya kitunguu saumu, rudisha mzigo. Maembe unayobaki nayo yaoshe kwa maji yanayotiririka na uyamenye kabla ya kumpa mtoto, maana mabaki mengi hukaa juu ya ganda.