Monita ya rangi pana: uweke sRGB au uiache ilivyo?

Nimenunua monita mpya. Nembo yetu nyekundu kwenye Excel inawaka mpaka inaumiza macho. Monita ni mbovu?

Nzima kabisa, ila wekundu wake unapita ule wa sRGB, kipimo cha rangi kilichobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na ambacho tovuti na hati nyingi za ofisini zinakifuata hadi leo. Excel ikitaka nyekundu kamili hutuma namba 255, 0, 0, na kwa kawaida Windows huzipitisha bila kuzigusa. Monita ya P3, yaani ya rangi pana kuliko sRGB kama yako, ikizipokea inatoa nyekundu kali kuliko zote iliyo nayo. Ili itoe ile iliyokusudiwa, ingebidi ipokee takriban 234, 51, 35.

Fungua menyu ya monita kwa vitufe vyake, nenda sehemu ya picha au rangi, chagua sRGB. Kwa barua pepe, majedwali na tovuti inatosha.

Nimeweka sRGB. Excel imetulia, lakini sasa rangi za Chrome zimepauka.

Rangi zinabanwa mara mbili. Windows bado imeshika profaili ya rangi pana, faili inayoeleza monita inatoa rangi zipi, pengine iliyoingia pamoja na dereva ya monita. Chrome huisoma profaili hiyo na kutuma 234, 51, 35, wakati monita nayo imeshajibana. Matokeo yake ni nyekundu iliyofifia. Bonyeza Win+R, andika:

```
colorcpl
```

Chagua monita yako, weka tiki kwenye Use my settings for this device, bofya Add, chukua sRGB IEC61966-2.1, kisha Set as Default Profile. Funga Chrome yote uifungue upya. Kuhakikisha, jaza seli ya Excel rangi #FF0000, halafu andika hii kwenye sehemu ya anwani ya Chrome:

```
data:text/html,<body bgcolor=red>
```

Weka madirisha mawili ubavu kwa ubavu. Nyekundu zikilingana, umemaliza. Ya Chrome ikiwa dhaifu, profaili ya zamani bado ipo.

Monita yangu ikiwa sRGB hainiruhusu kupunguza mwangaza, na usiku inanichoma.

Kero hii ni ya kawaida: baadhi ya monita hufunga mwangaza kwenye sRGB. Usivumilie macho yakuume kwa ajili ya rangi. Kama una Windows 11, rudisha monita kwenye rangi pana, kisha chini ya Settings > System > Display tafuta Automatically manage color for apps uiwashe; kwenye baadhi ya matoleo imo ndani ya Advanced display. Hapo Windows yenyewe ndiyo inageuza namba, Excel ikiwemo, na mwangaza unabaki mikononi mwako. Usiiwashe huku monita iko sRGB, utarudi kwenye kubana mara mbili. Usipoiona kabisa, huenda kadi ya picha au dereva yake haiiwezi.

Na mimi wa Mac?

Iache kwenye rangi pana, mradi profaili iliyochaguliwa ni ya monita hiyo. macOS hugeuza rangi yenyewe.