LOS nyekundu, PON inayopepesa: hitilafu gani ya faiba inafaa kuripotiwa

Ukipiga simu huduma kwa wateja ukasema "mtandao umekata", utaambiwa uzime kiboksi uwashe tena. Ukisema "LOS inawaka nyekundu, PON imezima, na jirani yangu wa ukuta mmoja anapata mtandao kama kawaida", umeshamwonyesha fundi pa kuanzia. Mimi nafanyia kazi nyumbani, Dar es Salaam, na riziki yangu inapita kwenye kile kiboksi cheupe ukutani, kwa hiyo nimejifunza kuzisoma taa zake. Ziko nyingi, lakini kwa hitilafu za laini zinazokuhusu kwanza ni mbili: PON na LOS.

Faiba inasafirisha mwanga. Nyuzi moja hutoka kwenye kituo cha mtoa huduma, ikifika mtaani inagawanywa na splita kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64, kisha kebo nyembamba inaingia kwako. PON ikiwaka kijani bila kuzima, maana yake mwanga umefika na kituo kimekitambua kiboksi chako. LOS yenyewe inatakiwa iwe imezima. Ikiwaka au kupepesa nyekundu, mwanga haufiki kabisa au unafika hafifu mno kusomeka.

Kwa hiyo ukiona LOS nyekundu, anza na kile kipande cha kebo kilicho ndani ya nyumba. Angalia kama konekta ya kijani imeingia hadi mwisho kwenye kiboksi na kwenye soketi ya ukutani. Halafu ifuate kebo kwa macho: huenda mguu wa kochi umeikalia, au mtu ameizungusha kwa nguvu kwenye nondo ya dirisha. Ndani yake mna nyuzi ya kioo, na ikikunjwa sana mwanga hutoroka pale kwenye kona hata kama kebo haijakatika. Mzunguko wake usiwe mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Ukichomoa konekta, usichungulie mwisho wake, kwa sababu mwanga ule hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Wala usiufute kwa shati. Vumbi kidogo sana kwenye kile kichwa linatosha kuziba njia.

Kama ndani kuko sawa na LOS bado ni nyekundu, ripoti mara moja. Kuzima na kuwasha hakutaleta mwanga ambao haupo. Kabla ya kupiga simu, muulize jirani anayetumia mtoa huduma huyohuyo. Naye akiwa hana mtandao, huenda kebo kubwa imekatwa mahali, labda na wachimba barabara, na hapo taarifa yenu inatosha bila fundi kuja kukagua sebule yako. Yeye akiwa nao, huenda tatizo liko kati ya splita na kwako. Kukatika kwa umeme mtaani peke yake si sababu ya LOS: splita haitumii umeme, na ukiwa na betri ya kukiendesha kiboksi, kwa kawaida mtandao unaendelea.

PON inayopepesa huku LOS imezima ni habari nyingine. Mwanga unafika, ila kituo hakijakikubali kiboksi. Kwa dakika mbili tatu baada ya kuwasha hilo ni la kawaida. Ikiendelea, hakikisha malipo yako hayajaisha, kisha ripoti na uwatajie namba ya SN iliyo kwenye stika chini ya kiboksi, maana huenda haijasajiliwa sawasawa kwao, hasa kama umebadilishiwa kifaa karibuni. Tafadhali usibonyeze kile kitufe kilichojificha kwenye tundu. Kile hakizimi na kuwasha tu, kinaweza kufuta mipangilio yote, na fundi atalazimika kuanza upya.

PON ikiwa kijani tulivu na LOS imezima, laini yako ya faiba kwa kawaida ni nzima. Kama mtandao haupo, uliza kuhusu akaunti au hitilafu ya kituoni. Kama upo lakini unasuasua chumbani, chomeka kompyuta kwa waya kwenye tundu la LAN upime. Kwa waya ukipata kasi unayolipia, tatizo ni waifai na kuta zako, na kuripoti hakutakusaidia.

Hitilafu inayosumbua zaidi ni ile ya kukatika na kurudi, kwa sababu fundi akifika taa zote ni nzuri, anaondoka, na jioni mnaanza upya. Hapa taa hazitoshi, unahitaji kipimo cha mwanga. Kwenye viboksi vingi unafungua `192.168.100.1` au `192.168.1.1` kwenye kivinjari, unaingia kwa jina na nywila zilizo kwenye stika, kisha unatafuta ukurasa wa taarifa za mwanga wenye mstari wa `RX Optical Power`. Namba ni hasi, kwa kipimo cha dBm, na kadiri inavyozidi kwenda chini ya sifuri ndivyo mwanga unavyopungua. Kwa vifaa vingi vya majumbani, kati ya -15 na -25 ni salama. Ikikaribia -27 uko ukingoni, kwa sababu hapo ndipo uwezo wa kiboksi wa kusoma mwanga unapoishia.

Kwangu ilitokea hivi. Nilikuwa nimepiga picha ya ukurasa ule siku niliyounganishiwa huduma, ukisoma -20. Miezi kadhaa baadaye mtandao ukaanza kukatika mchana, hasa upepo ukivuma, LOS ikimulika kidogo na kuzima. Nikafungua ukurasa, nikakuta -27. Tofauti ya 7 inaonekana ndogo, lakini kwa kipimo hiki kila 3 inayopungua ni nusu ya mwanga imepotea, kwa hiyo nilikuwa napokea kama moja ya tano tu ya mwanga wa mwanzo. Jirani yangu kwenye boksi lilelile la nguzoni alikuwa hana tatizo.

Nilipiga simu nikawapa namba zote mbili, saa za kukatika na habari ya jirani, nikaandika namba ya tiketi. Fundi alikuja na kipima mwanga. Akapima kwangu, akapata karibu na nilichosoma mimi. Akapanda nguzoni, akapima kwenye tundu la splita, mwanga ukawa mzuri. Basi hasara ilikuwa kwenye kebo yangu, kati ya nguzo na nyumba. Alipolifungua boksi akaikuta: wakati wa kumuunganishia mteja mwingine, kebo yangu ilikuwa imebanwa na mfuniko, na kila upepo ulipoitikisa ilizidi kukunjika. Akaipitisha upya kwenye nafasi yake na kufunga boksi bila kuibana.

Hitilafu ya namna hii iripoti hata kama siku hiyo mtandao unafanya kazi, na wakikuambia wanaona uko hewani, waombe wasome kipimo cha mwanga cha kiboksi chako, maana kutoka kituoni wanaweza kukiona. Fundi akimaliza, fungua ukurasa naye akiwa bado yupo. Kwangu ilisoma -21 ndipo nikamruhusu aondoke, kisha nikapiga picha mpya.