Hatua mbili za Heckman: λ haisemi kitu

"Elimu na uzoefu nimeviweka kwenye hatua zote mbili. Mbona kosa sanifu la λ limezidi mgawo wake?"

Ndugu, hatua ya kwanza ya Heckman hukadiria kwa probit nani anafanya kazi, na z ni alama ya kila mtu inayotoka humo; hatua ya pili ni mlinganyo wa mshahara wa walioajiriwa, ulioongezwa λ ili kurekebisha upendeleo wa kuwaona wao tu. λ = φ(z)/Φ(z), yaani msongamano wa mgawanyo wa kawaida ukigawanywa kwa uwezekano limbikizi wake, ni mkunjo, lakini sehemu ya katikati, walipo watu wengi, umenyooka karibu kama mstari. Kwa kuwa z yako imetokana na elimu na uzoefu peke yake, λ inarudia habari ambazo mlinganyo wa mshahara unazo tayari.

Hakikisha hivi: kwa walioajiriwa tu, fanya regresheni ya λ juu ya elimu na uzoefu. Ukipata R² ya 0.97, basi 1/(1−0.97) ni kama 33, na kipeuo chake cha pili karibu 5.8. Yaani kosa sanifu la λ limevimba karibu mara sita.

Dawa ni kigezo kinachosukuma mtu kufanya kazi au kutofanya bila kugusa mshahara wake. Wengi hutumia idadi ya watoto wadogo nyumbani. Mimi hukitumia kwa tahadhari: mama aliyekaa nje ya kazi miaka minne hupoteza uzoefu, kwa hiyo uzoefu uwe wa kweli, si umri ukitoa miaka ya shule. Ukikosa kigezo kama hicho, onyesha na matokeo yasiyo na λ.