Maswali na majibu: raba nyeupe, shati la kawaida, na picha isiyosema kitu

"Mteja kanitumia picha ya raba nyeupe, ubavu mmoja tu, anataka kujua ni ya kampuni gani. Nimjibu nini?" (Muuza mitumba, Owino, Kampala)

Mtajie unachokiona, kisha uishie hapo: raba nyeupe ya kamba, fupi, soli bapa nyeupe, nembo haionekani upande huu. Usiandike "haina nembo", maana hujauona ulimi, kisigino wala soli. Stan Smith ya Adidas, kwa mfano, haishonewi milia mitatu ubavuni. Ina safu tatu za vitundu vidogo, na picha ya simu iliyopigwa kwenye mwanga mkali huvifuta kabisa.

Mwombe picha tatu zaidi: kisigino kwa nyuma, soli kwa chini, na lebo iliyo ndani ya kiatu. Hiyo ya tatu ndiyo yenye kazi. Lebo ya Nike huwa na namba ya modeli: herufi na tarakimu, jumla sita, kistari, kisha tarakimu tatu. CW2288-111, kwa mfano, ni Air Force 1 nyeupe tupu. Iandike kwenye kitafutio. Ikileta kiatu cha umbo au rangi nyingine, lebo na kiatu havipatani, na jina hilo usilitumie. Ikilingana, mjibu "lebo inasema Air Force 1", kwa kuwa wanaoiga viatu huiga na lebo. Kama lebo imefutika kwa jasho, jambo la kawaida kwenye mitumba, basi uza kiatu kwa saizi yake na hali yake.

"Si niandike tu 'kama Air Force'? Ndivyo wateja wanavyotafuta."

Mteja atasoma jina na kuliruka neno "kama". Eleza umbo: soli nene, vitundu puani, ngozi au mfano wa ngozi. Hilo la mwisho nalo picha hailiamui. Angalia ukingo uliokatwa ndani ya kiatu. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi, ya bandia mara nyingi huonyesha kitambaa kilichopakwa plastiki.

"Nina picha ya shati jeupe lisilo na maandishi. Mnunuzi anauliza kama ni pamba, na kama litamtosha mtu wa M." (Muuzaji wa mtandaoni, Jinja)

Kwa picha peke yake, maswali yote mawili hayajibiki. Pamba na mchanganyiko wa pamba na poliesta hufanana kabisa kwenye kioo cha simu. Tafuta lebo ya mshono wa ubavuni kwa ndani, chini kidogo ya kiuno. Ukikuta herufi RN na namba, shati lilitengenezwa kwa soko la Marekani, na namba hiyo inaitambulisha kampuni iliyolitengeneza, kuliagiza au kuliuza huko. Si lazima iwe ndiyo chapa ya shati.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye kitambaa chenyewe, kwenye pindo la ndani. Usichukue uzi wa mshono, kwa sababu mashati mengi ya pamba hushonwa kwa uzi wa poliesta, na utapata jibu la uzi badala ya la shati. Ushike kwa kibanio, juu ya sahani, uuchome. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukiona vyote viwili, sema "mchanganyiko" na usitaje asilimia.

Kuhusu M, kila kampuni ina M yake. Lilaze shati, lifunge vifungo, pima kutoka kwapa hadi kwapa. Likiwa sentimita 54, mzunguko wake ni 108. Mtumie kipimo hicho, naye apime vivyo hivyo shati lake linalomkaa vizuri.

"Kwenye picha ni nyeupe, mkononi ni rangi ya maziwa!"

Taa ya duka. Piga kivulini mchana, karatasi nyeupe kando ya nguo.

"Kikundi cha mtaa kimesambaza picha ya kamera usiku: mwizi ana raba nyeupe na fulana ya kijivu isiyo na maandishi. Kijana wa jirani anavyo vyote viwili. Tumtaje?" (Mkazi wa Mukono)

Msimtaje. Nguo za aina hiyo zinaweza kumwondoa mtu kwenye orodha, haziwezi kumchagua mmoja. Tena hata hizo rangi zina shaka: kamera nyingi hutumia mwanga wa infraredi gizani, na chini yake kitambaa cheusi kinaweza kuonekana kijivu au hata cheupe. Chenye uzito ni alama ya pekee inayoonekana wazi: mpasuko mahali fulani, doa la rangi, kamba moja tofauti na nyenzake. Hata hiyo ni ya kuwaeleza polisi. Wapelekeeni video yenyewe kutoka kwenye kamera, kwa sababu ile iliyopita WhatsApp imebanwa, na alama ndogo ndizo hupotea kwanza.